BirdNET-Analyzer kwa sauti za kihamba cha Marangu: uzoefu wangu

Nianze na hukumu: kwa kuchambua rekodi za saa nyingi na kutambua ndege kwa milio yao, BirdNET-Analyzer ni programu nzuri, haina gharama, na ukishaisakinisha inafanya kazi kwenye kompyuta ndogo bila intaneti. Lakini jina inalokupa ni la kuhakikiwa, hata likija na alama ya 0.9. Sababu kubwa ni moja: inasikiliza sekunde 3 kwa wakati mmoja. Kilichotangulia na kilichofuata haikijui.

Rekodi ninazozizungumzia ni za vihamba vya Marangu, mashamba ya migomba ya kuzunguka nyumba, juu ya Moshi, kwa kinasa cha AudioMoth kilichofungwa kwenye shina la mti juu ya migomba. Kasi ya kunasa ni 48 kHz, kwa sababu ndiyo BirdNET inayotumia. Ukinasa kwa 96 unajaza kadi bure. Kwa 48 kHz saa moja inakula takriban MB 346. Kinasa kiweke mbali na mfongo, ule mfereji wa maji ya shamba. Maji yanayotiririka yanafunika sauti za chini, na ndiko ndege wengi wa msituni wanakoita. Mvua kwenye majani ya mgomba ni balaa zaidi, na faili hizo ziache tu.

Angalizo la saa: AudioMoth usipoibadilisha huandika majina ya faili kwa UTC. Faili la `20250412_030000.WAV` ni la saa kumi na mbili kamili asubuhi kwetu, si saa tisa usiku. Mtu asipolijua hilo atajikuta anaandika kwamba ndege wa alfajiri anaimba usiku wa manane.

Amri ninayotumia ni hii:

```
python -m birdnet_analyzer.analyze rekodi/ -o matokeo/ --lat -3.28 --lon 37.52 --week -1 --min_conf 0.1 --overlap 1.5 --rtype audacity
```

Alama ya kutoa kwenye `--lat` usiisahau. Bila hiyo, programu inadhani uko jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, na inawachuja ndege wa msitu wa mlimani kwenye matokeo hata kama imewasikia. `--week -1` maana yake ni mwaka mzima. Ukiweka wiki maalumu, orodha ya ndege inapunguzwa kufuatana na taarifa za waangalizi wa ndege za wiki hiyo, na maeneo yetu hayana waangalizi wengi kama Ulaya. `--overlap 1.5` inafanya madirisha yapishane, ili mlio uliokatwa katikati kwenye dirisha moja uonekane mzima kwenye linalofuata. Bei yake ni muda wa kuchambua, unaokuwa karibu maradufu.

Sasa mfano wenyewe. Kekeo kidari-chekundu, Cuculus solitarius, ni yule wa noti tatu zinazoshuka, anayerudia bila kuchoka majira ya mvua. BirdNET inamjua vizuri sana. Shida ni kwamba kwenye kihamba hichohicho yupo kurumbiza, Cossypha semirufa, fundi wa kuiga milio ya ndege wengine, anayeimba zaidi alfajiri na jioni. Akiiga zile noti tatu, kipande cha sekunde 3 kina noti tatu zinazoshuka, basi. Programu inaandika kekeo, na alama inaweza kuwa juu. Kwa dirisha hilo haijakosea; imenyimwa ushahidi.

Ushahidi uko nje ya dirisha. Fungua faili zima kwenye Audacity, kisha ingiza matokeo kwa `File > Import > Labels`. Kila utambuzi utakaa chini ya sauti mahali pake. Badilisha mwonekano wa wimbi uwe `Spectrogram`, na kwenye mipangilio yake weka `Window size` 2048 na masafa ya juu kabisa 4000 Hz. Kwa 48 kHz, dirisha la 2048 linatenganisha masafa kwa takriban Hz 23, hivyo noti za filimbi zinatoka kama mistari myembamba iliyo wazi. Halafu vuta nje uone angalau sekunde 15 kila upande. Kekeo anaonekana kama ngazi ya vipandio vitatu, inayorudiwa ileile, kwa nafasi zinazokaribiana, dakika nzima na zaidi. Kurumbiza anaweka ngazi moja au mbili, mara anahamia umbo jingine kabisa: mstari unaopanda, mtetemo, filimbi ya ndege wa tatu. Ukiona ngazi imezungukwa na maumbo mchanganyiko, usimhesabu kekeo. Na ikiwa ngazi iko peke yake, kimya kabla na kimya baada, iandike haijulikani. Hilo nalo ni jibu.

Ndiyo maana sipendi kutegemea kile kifaa cha programu kinachokata vipande vya sekunde 3 kwa ajili ya uhakiki. Kwa ndege wengine kinaokoa muda, lakini kwa kekeo kinakitupilia mbali kilekile unachokihitaji.

Kuhusu alama: si asilimia ya uhakika. 0.8 haimaanishi kwamba utambuzi 8 kati ya 10 ni sahihi, na 0.8 ya kekeo si sawa na 0.8 ya hondo. Kila ndege apewe kizingiti chake, kwa eneo lako. Panga matokeo ya ndege mmoja kwa makundi ya alama, chagua vipande bila kubagua kutoka kila kundi, vihakiki kwa macho na masikio. Tuseme kundi la 0.3 hadi 0.5 limetoa sahihi 12 kati ya 30, na la 0.7 kwenda juu 28 kati ya 30. Basi kata kwenye 0.7, ukijua umewaacha baadhi ya wa kweli. Ndiyo sababu `--min_conf` nimeiweka 0.1: kukata baadaye ni rahisi, kurudisha kilichokatwa ni kuchambua upya.

Usiku ni habari nyingine. Perere, yule pimbi wa mitini, Dendrohyrax validus, anapiga kelele mfululizo zinazozidi kukolea, ndefu kuliko sekunde 3 mara nyingi. Lebo za BirdNET karibu zote ni za ndege, na yeye hana yake. Kwa hiyo vipande vya mlio wake vinaweza kugawiwa ndege tofauti tofauti. Dalili ni orodha ya ndege wasiohusiana, mfululizo, ndani ya dakika moja ya usiku. Kwenye spektrogramu shusha `Window size` hadi 512, maana milio hii ni ya mapigo, na dirisha refu linayachanganya pamoja.

Dawa yake ipo kwenye kipengele cha `Train`: folda moja ya vipande vya perere, nyingine ya `Background` yenye mvua, mfongo, mbwa na bodaboda. Vipande vya perere vitoke kwenye vinasa na usiku tofauti, la sivyo mfumo utajifunza mwangwi wa mti mmoja. Na kama unaongoza watalii kwa malipo, soma leseni kwanza: mfumo wenyewe wa utambuzi uko chini ya CC BY-NC-SA 4.0, hairuhusu biashara.