Betri ya akiba nyumbani: uniti moja itakugharimu shilingi ngapi?

Anayenunua betri Kariakoo hutajiwa bei ya betri, ilhali anachonunua hasa ni uniti za umeme ambazo betri hiyo itatoa mpaka ife. Tuchukue nyumba yenye feni, televisheni na taa chache, inayotumia uniti 1 kila umeme unapokatika, mara mbili kwa wiki, yaani takribani uniti 100 kwa mwaka. Bei ninazotumia ni za mfano. Weka ulizotajiwa dukani.

Nafasi ya kwanza naipa betri ya lithiamu iliyoandikwa LiFePO4, ya volti 12.8 na Ah 100, yaani ampea-saa 100. Volti mara Ah, gawanya kwa 1,000, inabeba uniti 1.28, na kwa kuwa inavumilia kutumiwa hadi asilimia 80, hutoa uniti 1 bila kuumia. Ikinunuliwa kwa shilingi 800,000 na kudumu miaka 10, itatoa uniti 1,000, kila moja kwa shilingi 800. Kwa matumizi haya itakuwa imechajiwa na kutumiwa mara 1,000 tu, hivyo usiongeze fedha kwa sababu ya betri inayotangazwa kuvumilia mara 6,000, maana umri wa miaka utaiwahi.

Ya pili ni betri ya jeli, ambayo ni ya risasi na asidi. Haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo uniti ileile 1 inadai betri ya Ah 200. Kwa shilingi 700,000 na miaka 4, itatoa uniti 400, kila moja kwa shilingi 1,750. Nimeipa miaka 4 kwa sababu ya joto: betri za aina hii hupoteza takribani nusu ya umri kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25, na chumba kilichofungwa Dar es Salaam mwezi Januari huzidi 30 kwa urahisi. Kwa hesabu hii, lithiamu hubaki nafuu hadi bei yake ifikie mara mbili na nusu ya bei ya jeli. Umeme unaopotea wakati wa kuchaji, karibu moja ya tano kwa jeli na kidogo sana kwa lithiamu, huongeza tofauti hiyo kidogo tu.

Betri ya gari naiweka mwisho, na simshauri mtu kuinunua kwa kazi hii, kwa kuwa sahani zake nyembamba zimetengenezwa kuwasha injini na huharibika haraka zikimalizwa chaji mara kwa mara.

Hesabu ya lithiamu huharibika inveta ikibaki kwenye mpangilio wa betri za asidi, hasa ule unaopandisha volti kupita 15 ili kusawazisha seli. Mwambie fundi auzime. Kisha ipime betri kabla dhamana haijaisha: ichaji ijae, iwekee mzigo wa wati 100 kupitia inveta, na uhesabu saa. Ah 100 za kweli zinapaswa kufikisha saa 10 au zaidi. Ikizima saa ya sita, irudishe.