TAHADHARI: Muuzaji wa uwakala anayetumia mwaka wa usajili wa kampuni kama umri wa chapa

Ndugu wasomaji, kuna muuzaji anayetangaza uwakala wa betri na paneli za sola akidai kwamba chapa yake ipo sokoni tangu mwaka 2004, na anayetaka malipo ya awali kabla mwombaji hajauona mkataba. Anayemuuliza uthibitisho hutumiwa ukurasa mmoja kutoka katika daftari la msajili wa makampuni, wenye jina la kampuni mama, namba yake na tarehe ya usajili ya mwaka huohuo wa 2004. Ukurasa huo haukughushiwa, na ndiyo maana unawanasa hata watu makini.

Kampuni huzaliwa kisheria siku msajili anapoiandikisha, ilhali chapa huanza maisha yake siku bidhaa inapoingia sokoni kwa jina hilo, na mara nyingi tarehe hizi mbili hutofautiana bila hila yoyote. Kampuni ya Toyota iliundwa mwaka 1937, lakini magari ya Lexus yalianza kuuzwa mwaka 1989. Kinyume chake pia hutokea: Google ilisajiliwa mwaka 1998, na Alphabet, ambayo leo ndiyo kampuni mama yake, iliundwa mwaka 2015 umiliki ulipopangwa upya. Tena, kampuni iliyosajiliwa mwaka 2004 kwa jina la Facebook ilipojiita Meta mwaka 2021, tarehe yake ya usajili ilibaki ileile, kwa sababu kubadili jina hakuundi kampuni mpya.

Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo anayoitumia muuzaji huyu. Wapo watu wanaosajili kampuni, wakaziacha zikae miaka mingi bila kufanya biashara yoyote, kisha wakaziuza kwa anayetaka kuonekana mkongwe. Mnunuzi hupokea hisa, huwaondoa wakurugenzi wa zamani na kuweka jina jipya, lakini namba na tarehe ya usajili hubaki zilivyokuwa. Kununua kampuni ya namna hiyo si kosa katika nchi nyingi. Udanganyifu huanza pale umri wake unapogeuzwa kuwa umri wa bidhaa.

Nimefungua kumbukumbu kamili za kampuni hiyo badala ya ukurasa mmoja anaousambaza. Kwa miaka mingi baada ya 2004 hesabu zake ziliwasilishwa kama za kampuni isiyofanya biashara. Kisha, mwaka 2023, wakurugenzi wote walijiuzulu siku moja, akaingia mmoja mpya, anwani ikahamishwa, na jina la sasa, ambalo ndilo jina la chapa, likaandikishwa. Maombi ya alama ya biashara yaliwasilishwa mwaka huohuo, tena kwa jina la mtu binafsi, si la kampuni. Tovuti yenyewe, ukiitafuta kwa huduma ya WHOIS, inayoonyesha kumbukumbu za usajili wa majina ya tovuti, na kusoma mstari wa `Creation Date`, nayo ni ya 2023.

Naomba jambo hili lieleweke vizuri, nisije nikawachafulia jina wafanyabiashara wa kweli: hakuna hata moja kati ya dalili hizi ambayo peke yake inathibitisha wizi. Chapa inaweza kuuzwa miaka mingi kabla mwenyewe hajaomba ulinzi wa alama, na tovuti inaweza kufunguliwa upya kwa anwani nyingine. Kinachotisha ni kwamba hapa kila kitu kinaanza ndani ya miezi michache ileile, na kabla yake hakuna ushahidi wowote kwamba bidhaa ilikuwapo.

Kwa hiyo, anayeonyeshwa ukurasa wa aina hii aombe cheti cha kwanza cha usajili, maana hicho hubeba jina la siku ile, na jina lililobuniwa mwaka 2023 haliwezi kuwamo. Aangalie pia majina ya zamani na historia ya nyaraka. Katika daftari la Companies House la Uingereza, kwa mfano, mambo haya husomwa bure chini ya `Previous company names` na `Filing history`. Halafu aombe ankara, kasha au waranti ya bidhaa yenye tarehe ya miaka inayodaiwa. Muuzaji huyu nilipomwomba ankara moja tu ya kabla ya 2023, alijibu kwamba chapa "ilikuwa katika utafiti", jibu linalokana tangazo lake mwenyewe, kisha akanikumbusha tarehe ya mwisho ya kulipa.

Akaunti anayoelekeza malipo ina jina la mtu, si la kampuni hiyo. Aliyekwisha kulipa aiarifu benki yake leo hii kabla fedha hazijatolewa, na atunze risiti, ujumbe na ule ukurasa aliotumiwa bila kufuta chochote.