Maikrowevu Inazunguka Lakini Haipashi: Tusikilize Mngurumo Kwanza

Karibuni watazamaji. Leo hapa Mwanjelwa, Mbeya, mezani kuna maikrowevu ya lita 20, wati 700, zile za swichi mbili za kuzungusha. Taa inawaka, sahani inazunguka, feni inavuma. Tumeweka kikombe cha maji robo lita kwa dakika mbili, yametoka ya baridi kama yalivyoingia, na baridi ya Julai hapa mnaijua. Ingekuwa nzima, yangekuwa yanakaribia kuchemka.

Hebu sikilizeni. Inanguruma kwa uzito, na taa inafifia inapoanza. Hapo transfoma imeelemewa: kuna shoti upande wa volti kubwa. Ingevuma kawaida tu, tungetafuta kilichokatika, kama fyuzi ya volti kubwa, waya wa ndani wa magnetroni, ile inayotoa mawimbi ya kupasha, au swichi ya mlango isiyofikisha umeme kwenye transfoma.

Sasa chomoa plagi kabisa. Kapasita hii inafanya kazi kwenye volti 2,000 hivi, na inaweza kubaki na chaji hata bila umeme wa ukutani. Ndani huwa na rezista ya kuimaliza, ila ikikatika chaji haiendi popote, na chaji hiyo inaua. Shika bisibisi yenye mpini mzima wa plastiki, mkono mwingine uweke mbali, unganisha ncha mbili za kapasita, kisha gusisha kila ncha na bodi ya chuma ya maikrowevu. Kama huna uhakika na hatua hii, kava usilifungue, mpelekee fundi.

Mshukiwa wa kwanza ni dayodi: upande mmoja uko kwenye kapasita, mwingine umefungwa kwa skrubu kwenye bodi. Itoe, pima kwa mita upande wa ohimu. Hii yetu inasoma karibu sifuri pande zote mbili. Imepiga shoti.

Angalia usije ukachanganyikiwa: dayodi nzima ya aina hii, kwa mita ya kawaida, haisomi kitu pande zote mbili, na wengi huitupa wakidhani imekatika. Iunganishe kwa mfululizo na betri ya volti 9 na mita ikiwa kwenye volti za DC. Nzima husoma volti kadhaa upande mmoja, ukiigeuza haisomi kitu.

Usifunge mpya kabla ya kupima wenzake, itakufa nayo. Kapasita ikisoma sifuri imekufa. Yenye rezista husoma megaohimu 10 hivi. Magnetroni isome chini ya ohimu 1 kati ya pini zake mbili, na pini kwenda bodi isisome kitu.

Kwa hii, dayodi pekee ndiyo mbovu, kwa hiyo inastahili kutengenezwa. Ingekuwa magnetroni, kwa maikrowevu ndogo hivi, tungeuliza kwanza bei ya jiko jipya. Wakati wa kufunga, ncha yenye tundu la skrubu iende kwenye bodi na ikazwe vizuri, kava lirudi, kisha kikombe kilekile cha maji, dakika mbili.