Vifaa vya kusafishia rivolva: kabla hujanunua, fikiria mdomo wa mtutu

Risasi zangu zilianza kutawanyika kwenye shabaha. Nikabadilisha risasi, nikabadilisha mshiko, wapi. Siku moja nikiwa nimeipakua silaha na kukagua kila tundu la silinda, nilizungusha pamba taratibu kwenye ukingo wa mdomo wa mtutu. Nyuzi zikanasa upande mmoja tu. Mdeki wangu wa chuma, ule wa vipande vya kuunganisha, ulikuwa umeula ukingo.

Rivolva ina tabu yake: kiunzi kimeziba nyuma ya mtutu, kwa hiyo mdeki ulionyooka lazima uingilie mdomoni. Kila kiungio kikipita kinakwaruza pale pale ambapo risasi inaagana na chuma. Upande mmoja ukilika, gesi hutoka bila usawa na kuisukuma risasi pembeni. Sanduku la vifaa halikuambii hilo.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni waya laini uliovikwa plastiki, na nasema wazi kwamba naupenda wa kampuni ya Otis. Unafungua silinda, unapenyeza waya kupitia uwazi wa kiunzi, unauvuta utokee mdomoni, na kitambaa chenye dawa kinafuata nyuma. Uchafu unatoka mbele, ukingo unabaki salama. Udhaifu wake ni matundu ya silinda. Hayo yanataka kusuguliwa kwa nguvu, basi tumia mdeki mfupi na brashi ya shaba, ukiingilia nyuma.

Namba mbili ni mdeki mzima usio na maungio, uliovikwa plastiki, lakini uje na koni ya kuuongoza katikati ya mdomo. Bila koni, usiununue.

Mideki rahisi ya vipande: achana nayo.

Usisahau kununua brashi ndogo ya nailoni, maana chini ya nyota ya kutolea maganda ndipo chembe za baruti hujificha. Chembe chache tu zinatosha kuinua nyota, na silinda ikawa nzito kuzunguka au ikagoma kufunga. Mtu hudhani kifaa kimevunjika. Isukume nyota nje, piga brashi chini yake, na uache pakavu. Ukishapasafisha, silinda ikiendelea kukwama, au ikicheza mbele na nyuma zaidi ya ilivyokuwa zamani, mpelekee fundi wa silaha.

Mafuta ni tone moja kwenye mhimili wa silinda na jingine kwenye fimbo ya nyota. Matundu yakaushe kabisa, kwa sababu mafuta yanaweza kupenya kwenye fataki na risasi ikakataa kulia.

Kinachoniudhi ni wauzaji wanaojaza sanduku brashi za silaha usizomiliki, kisha wanaacha koni, kitu kidogo cha bei ndogo ambacho kingeuokoa mtutu wangu.