archive_command au pg_receivewal?

Duka la dawa hapa Bukavu huandika mauzo machache kwa saa, na hapo ndipo njia hizi mbili za PostgreSQL za kupeleka kumbukumbu za miamala nje ya seva zinapoachana. archive_command hutuma faili ya kumbukumbu za miamala ikishajaa megabaiti 16. Siku ya biashara ndogo, faili moja hukaa saa nyingi bila kujaa; diski ikifa, mauzo hayo yamekwenda. Ukiweka `archive_timeout = 300`, unapoteza kama dakika tano tu.

pg_receivewal huvuta miamala papo hapo, lakini ipe sloti, yaani alama inayoizuia seva kufuta faili ambazo hazijavutwa. Mtandao ukikatika siku nzima, sloti hulimbikiza faili kwenye folda ya pg_wal ya seva, nayo diski inaweza kujaa. Mimi, kwa duka hili, nachagua ya kwanza.

Kuipima: mtu amefuta bei saa 4:41 asubuhi. Rejesha nakala ya msingi kwenye mashine nyingine, weka `restore_command`, unda faili tupu `recovery.signal`, kisha:

```
recovery_target_time = '2025-03-04 10:40:00+02'
```

Usiisahau `+02`. Seva iliyowekwa saa za Kinshasa ingesoma saa hiyo kama 11:40 ya Bukavu, na bei zingekuwa zimeshafutwa. Seva ikiwa tayari, hesabu safu mlalo za jedwali la bei kabla ya kuamini lolote.