Uzoefu wangu na mhariri aliyetuwekea sauti moja kwenye video fupi

Tunatengeneza na kuuza mabegi ya mgongoni, na video zetu za sekunde 30 huandikwa na watu watano. Kila mmoja anaandika vizuri. Shida ni kwamba ukizitazama tano mfululizo, unadhani ni za makampuni matano. Ndiyo maana tulimlipa mhariri wa nje atuwekee sauti moja, yaani namna moja ya kusema na mteja. Ni miezi minne sasa, na ninampa nyota nne kati ya tano.

Tulikuwa na mwongozo wetu wa zamani. Ulisema sauti yetu ni "ya kirafiki, changamfu na ya kitaalamu". Mhariri aliusoma, akauweka pembeni, akaomba skripti 20 za zamani bila majina ya waandishi. Kisha akatukalisha tuzisome kwa sauti na kubahatisha nani kaandika ipi. Tulipatia karibu zote. Hapo nilielewa kwamba neno "kirafiki" kila mtu alikuwa amelitafsiri kivyake: kwa mmoja ni "mpendwa mteja", kwa mwingine ni "jamani".

Alichotuandikia ni ukurasa mmoja tu, na karibu wote ni mifano ya kabla na baada. Mfano ninaoukumbuka zaidi ni wa kuosha begi. Mwenzetu mmoja alikuwa ameandika: "Mpendwa mteja, tunapenda kukujulisha kwamba begi lako linapaswa kuoshwa kwa mkono ili kuepusha uharibifu wa utando wa ndani." Mwingine, kwa jambo lilelile: "Jamani, bado mnatupia mabegi kwenye mashine? Mtalia!" Baada ya kuhaririwa ikawa: "Begi lako usilitie kwenye mashine. Ule utando wa ndani unaozuia maji utabanduka. Lioshe kwa mkono, ulianike kivulini."

Angalia alichobadilisha. Kwanza, tunasema na mtu mmoja, "wewe", kamwe si "ninyi", kwa sababu anayetazama simu yuko peke yake. Kwetu hili lilikuwa chanzo kikubwa cha kuyumba: video moja ilianza na "unaweza" ikamalizia na "mnaweza". Pili, agizo likitolewa, sababu inafuata papo hapo kwa maneno ya kawaida. Tatu, hatumtishi mtazamaji wala hatumbembelezi. "Tunapenda kukujulisha" imekufa rasmi, na binafsi sikuilia.

Jambo jingine lililosaidia ni utaratibu. Kila skripti sasa inapitia kwa msomaji mmoja wa mwisho, ambaye huisoma kwa sauti kabla ya kurekodi, na akibadilisha neno lazima aoneshe ni mfano upi wa ukurasani unaohusika. Asipouona, neno la mwandishi linabaki. Sheria hiyo ilimaliza ubishi wa "mimi silipendi tu". Wiki za kwanza skripti moja ilikuwa inarudi na masahihisho manane au tisa. Siku hizi ni mawili, matatu.

Sasa ile nyota niliyoinyima. Mifano yote aliyotupa ilikuwa ya siku njema: bidhaa mpya, matunzo, maswali ya wateja. Zipu za toleo moja zilipoanza kukatika, mwandishi wetu alifuata ukurasa neno kwa neno, na video ya kuomba radhi ikatoka na ucheshi uleule wa video ya rangi mpya. Wateja walikasirika, na walikuwa na haki. Sauti ilikuwa yetu, lakini ucheshi haukuifaa hali ile. Ilibidi tuongeze wenyewe mifano mitatu ya habari mbaya: tunataja kosa katika sentensi ya kwanza, tunasema tutafanya nini, hakuna mzaha.

Pia hakutuonya kuhusu kufanana kupita kiasi. Mwezi wa pili nilihesabu video saba zilizofunguliwa kwa "Begi lako...". Waandishi walikuwa wameiga mfano badala ya kuelewa kilichomo ndani yake. Dalili ni rahisi kuiona: andika sentensi za kwanza za video kumi, moja chini ya nyingine, uzisome kama orodha. Sasa tunabadilisha mfano mmoja au miwili ya ukurasa kila baada ya wiki sita hivi.

Na usitegemee ukurasa huu ufanye kazi mbele ya kamera. Mtangazaji wetu aliwahi kurudisha "jamani" tatu ndani ya video moja kwa mazoea tu, na tulizigundua wakati wa kuweka manukuu. Tangu siku hiyo msomaji wa mwisho hukaa kwenye chumba cha kurekodia, skripti mkononi.