Taarifa ya benki kwenye picha: uchape mwenyewe au uiachie Excel?

Picha ya skrini yenye miamala kumi hivi naichapa kwa mkono. Ikizidi hapo, natumia Data > From Picture ya Excel, inayosoma picha na kuipanga kwenye seli. Kila njia ina makosa yake. Mkono hugeuza tarakimu: 45,000 inakuwa 54,000, na tofauti ya namna hiyo hugawanyika kwa 9. Excel husoma 3 kama 8, au hurusha debiti kwenye safu ya krediti kwa sababu seli ya kati ilikuwa tupu.

Kwa njia yoyote, safu ni A tarehe, B maelezo, C debiti, D krediti, E salio. Salio liandike kama lilivyo kwenye picha; ukilikokotoa mwenyewe, hutabaki na cha kulinganisha. Kisha weka fomula hii kwenye F3 na uiburute hadi mstari wa mwisho:

```
=ROUND(E2-C3+D3-E3,2)
```

Jibu sahihi ni 0. Tuseme salio lilikuwa 412,500, zikatoka 38,000, likabaki 374,500. Debiti ikisomwa 88,000, F3 inatoa -50,000. Ikiangukia krediti, inatoa 76,000, yaani mara mbili ya muamala. Salio lenyewe likikosewa, mistari miwili inayofuatana hutoa kiasi kilekile, mmoja hasi, mwingine chanya.

Tarehe na maelezo fomula haiyaoni kabisa. Hapo mkono unashinda, maana unasoma kila mstari unapouandika. Kazi ya Excel lazima uipitie kwa macho.